Batobato ya muhogo kwenye bango: kutoka picha ya shambani hadi prompti

*Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni afisa ugani wa kata, wilaya ya Mkuranga. Nina picha za muhogo wenye batobato nilizopiga kwa simu na kukutumia, na nataka akili mnemba inichoree bango la kuwafundisha wakulima kuchagua mbegu. Nikiandika "chora muhogo wenye batobato", majani yanatoka kama ya bangi na ugonjwa unakuwa madoa ya kahawia. Nikipakia picha yangu, inarudi imerembwa na ugonjwa umepungua. Prompti iandikweje ili mmea utoke sahihi?*

Salama, ndugu. Anza kwa kuliondoa jina la ugonjwa kwenye prompti. Programu ya kuchora haijui batobato ni nini. Inachofanya ni kuunganisha maneno yako na picha ilizowahi kulishwa, na neno "ugonjwa wa mmea" linavuta madoa ya kahawia kwa sababu ndivyo magonjwa mengi ya majani yanavyoonekana pichani. Jani lenye vidole nalo linavuta bangi, mmea uliochorwa na kupigwa picha kupita kiasi. Kwa hiyo prompti nzuri ya bango lako haitaji batobato hata mara moja. Inaeleza umbo la jani, rangi yake, na mahali lilipo kwenye shina, na maelezo hayo yote unayatoa kwenye picha zako kabla hujafungua programu yoyote.

Hakikisha picha inaonyesha unachodhani inaonyesha

Kosa la prompti hurekebishika. Kosa la utambuzi likishabandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji hukaa hapo miaka. Batobato ina vitu vinavyofanana nayo, na viwili ndivyo vinavyosumbua zaidi ukanda wa Pwani.

Cha kwanza ni utitiri wa kijani wa muhogo. Huo nao hushambulia majani machanga ya juu na kuyafanya yawe madogo na membamba, lakini ukikuza picha utaona vidoto vya njano vidogo mno, vingi, vimetawanyika karibu sawasawa juu ya jani kama vimechomwa kwa sindano. Batobato ina mabaka, tena yasiyolingana: kidole kimoja cha jani kinaweza kuwa cha njano nusu nzima na cha jirani yake kikabaki kijani. Cha pili ni upungufu wa madini ya zinki. Hapo njano hukaa katikati ya mishipa, kwa ulinganifu, kulia na kushoto mwa jani kukiwa sawa. Ulinganifu ndio kipimo changu cha haraka. Ukilikunja jani kiakili kwenye mshipa wake wa kati na pande mbili zikafanana, simama kwanza kabla ya kuliita batobato.

Kama simu yako ina programu ya PlantVillage Nuru, itumie ukiwa shambani. Inafanya kazi bila mtandao, na muhogo ni kati ya mazao iliyoanza nayo. Ichukue kama jicho la pili, na uamuzi ubaki kwako.

Ikiwa bado hujaridhika na picha ulizonazo, rudi upige tatu: mmea mzima kwa ubavu, simu ikiwa usawa wa katikati ya shina, jani moja lililolazwa juu ya karatasi nyeupe pamoja na rula, na ncha ya juu ya mmea kwa karibu. Usipige jua la utosi bila kukinga, kwa maana mwanga mkali huifanya njano hafifu ionekane nyeupe na kijani kionekane cha plastiki. Mwili wako ukiweka kivuli juu ya jani, rangi hutulia. Usilipige jani huku jua liko nyuma yake pia. Mishipa itang'aa njano hata kwenye jani zima lenye afya, na wewe mwenyewe ukiandika prompti kutoka picha hiyo utaeleza ugonjwa usiokuwepo.

Mahali dalili ilipo kwenye shina

Sehemu hii hurukwa na wengi, nayo kwa bango la kuchagua mbegu ina uzito kuliko zote.

Muhogo hupata batobato kwa njia mbili. Virusi vinaweza kuwemo tayari ndani ya kipande cha mbegu kilichopandwa, au vikaletwa baadaye na nzi weupe. Njia hizo mbili zinaacha alama tofauti kwenye mmea mmoja mmoja. Ugonjwa ukitoka kwenye mbegu, dalili zinaanza na majani ya kwanza kabisa, kwa hiyo mmea mchanga unaonyesha mabaka kuanzia chini hadi juu, na mara nyingi umedumaa ukilinganisha na wenzake. Ukiletwa na nzi weupe, majani yaliyokwisha kukomaa kabla ya maambukizi hubaki safi, na dalili zinaonekana kwenye majani yaliyoota baada ya hapo. Chini safi, juu pamepinda.

Kwenye picha yako ya mmea mzima, majani ya chini ni bapa na ya kijani kizito, na mabaka yanaanzia yale ya juu. Huo ni ugonjwa wa msimu huu ulioletwa na nzi. Mkulima akiutazama mmea wa namna hiyo kwa haraka ataona shina nene na majani mazuri usawa wa magoti, kisha aukate kuwa mbegu. Sasa fikiria programu imechora mabaka kwenye majani yote, kwa kuwa prompti ilisema tu "majani yenye mabaka". Mchoro huo utapendeza, ila utakuwa umemfundisha mkulima kuutambua mmea unaojitambulisha wenyewe, na ule unaomponyoka hakuuona.

Kwa hiyo amua mapema bango litakuwa na mimea mingapi. Ningeweka mitatu: wenye afya, uliougua kutoka kwenye mbegu, na uliougua kwa nzi. Kila mmoja una prompti yake na mchoro wake, halafu unavipanga pamoja baadaye. Ukiomba mitatu kwenye mchoro mmoja, sifa zitahama kutoka mmea mmoja kwenda mwingine, na ule wenye afya utarudi na mabaka kidogo.

Maneno ya jani

Chukua karatasi, uandike unachokiona kwenye picha kwa mpangilio ambao mchoraji angeuuliza.

Jani la muhogo ni jani moja lililogawanyika vidole, kwa kawaida vitatu hadi tisa, na kwenye mimea mingi shambani vitano au saba. Vidole hivyo vimeungana kwenye kitako, pale kikonyo kinaposhika. Kingo zake ni nyororo. Hapo ndipo bangi inapoingia: jani lake limegawanyika vijani vinavyojitegemea, na kila kimoja kina meno ya msumeno ukingoni. Ukiandika kwamba vidole vimeungana na ukingo ni nyororo, umeifunga milango yote miwili iliyokuwa inakuletea bangi.

Kikonyo ni kirefu na kina rangi, kutegemea aina: kijani, chekundu au cha zambarau. Iandike rangi unayoiona, kwa sababu mkulima anaitambua aina yake kwa kikonyo kabla hajatazama kitu kingine. Kwenye picha yako ni chekundu.

Majani yanaota kwa kuzunguka shina, moja kila kifundo. Programu nyingi zinapenda kuyapanga mawili mawili yakitazamana, na huo si muhogo. Sehemu ya chini ya shina, ambako majani yameanguka, ina makovu yaliyoinuka kidogo. Kwa bango la mbegu makovu hayo ni ya lazima, maana mkulima atakata vipande kwa kuhesabu vifundo hivyo hivyo.

Kuhusu dalili yenyewe, andika mambo manne: rangi, umbo la baka, umbo la kidole, na ukubwa wa jani. Rangi ni kijani kilichopauka hadi njano, wakati mwingine karibu nyeupe, ikichanganyika na kijani cha kawaida. Baka halina mpaka mkali wala halifuati mshipa. Kidole kimepinda au kimejikunja, mara nyingi upande wenye njano zaidi, kwa kuwa sehemu ya kijani inaendelea kukua na ya njano inabaki nyuma. Jani zima ni dogo kuliko la rika lake. Kahawia haimo. Madoa ya kahawia kwenye muhogo yapo, lakini yanatokana na magonjwa ya ukungu au ya bakteria, na bango lako likiyaonyesha linafundisha kitu kingine kabisa.

Prompti ya mmea ulioambukizwa na nzi

Nikiyaunganisha maelezo ya picha yako, ningeandika hivi:

```
Mchoro wa kibotania wa rangi za maji, usuli mweupe mtupu.
Mmea mmoja wa muhogo, Manihot esculenta, umri miezi mitatu,
urefu mita 1, shina moja wima, mmea wote unaonekana kwa ubavu.
Majani yanazunguka shina, jani moja kwa kila kifundo.
Kila jani lina vidole 5 hadi 7 vyembamba vilivyoungana kwenye kitako,
ukingo nyororo wa mstari mmoja, kikonyo kirefu chekundu.
Majani 5 ya chini: kijani kizito, bapa, pande zote sawa.
Majani 4 ya juu: nusu ya ukubwa wa yale ya chini, vidole vimepinda,
mabaka ya njano iliyopauka yamechanganyika na kijani bila mpangilio.
Shina karibu na ardhi liko wazi, lina makovu ya vikonyo yaliyoinuka.
```

Mmea halisi wa umri huo una majani mengi kuliko tisa. Nimeyapunguza kwa makusudi ili kila jani lionekane kutoka mbali, na pia kwa kuwa programu hizi hazihesabu vizuri. Ukiomba tisa ukapata nane au kumi, pokea. La kulinda ni mpaka kati ya yaliyo safi na yaliyopinda.

Angalia pia kwamba sijaandika "usiweke meno" wala "pasiwe na kahawia". Katika programu nyingi, kulitaja jambo ni kuliita, hata ukitanguliza "usi". Badala ya kukataza meno, eleza ukingo nyororo. Badala ya kukataza kahawia, taja rangi zilizopo. Programu zenye kisanduku cha pekee cha kukataza, kama Stable Diffusion yenye sehemu iitwayo `negative prompt`, ndizo unazoweza kuziandikia makatazo, tena ndani ya kisanduku hicho tu.

Nimeomba mchoro wa rangi za maji, sikuomba picha halisi. Ukiomba picha halisi utaletewa matone ya umande, usuli wenye ukungu na jani linalong'aa kama limepakwa mafuta, na vyote hivyo vinaficha mabaka. Kuna sababu nyingine ya kiungwana: mkulima akiona picha inayofanana na ya kamera ataichukua kuwa ushahidi kutoka shambani, wakati haikupigwa katika shamba lolote. Mchoro unajieleza kuwa ni mchoro.

Jina la kisayansi lisikose. Neno "muhogo" peke yake mara nyingi huleta mizizi iliyomenywa mezani, na jina la kisayansi huivuta programu kuelekea mmea wenyewe. ChatGPT na Gemini zinaelewa Kiswahili cha kawaida vizuri, ila maneno kama kikonyo na kitako cha jani hupotea njiani mara kwa mara. Jani likikataa kukaa sawa baada ya kurekebisha mara mbili, ongeza mstari huu jinsi ulivyo, mengine yote uyaache kwa Kiswahili:

```
palmately lobed leaf, lobes joined at base, smooth entire margins
```

Kwa mmea ulioambukizwa kutoka kwenye mbegu, badilisha mistari miwili ya majani iwe mmoja: majani yote tisa, kuanzia la chini kabisa, yana mabaka na vidole vilivyopinda, na urefu uwe nusu mita. Kwa mmea wenye afya, majani yote yawe bapa na ya kijani kizito. Mengine usiguse hata neno, ili mimea mitatu ifanane kwa kila kitu isipokuwa ugonjwa. Mkulima anayelinganisha mimea mitatu yenye vikonyo vya rangi tatu atadhani anaonyeshwa aina tatu za muhogo.

Mchoro ukirudi

Usiutazame mchoro mzima kwanza, maana uzuri wake utakurubuni. Ukuze, uukague kutoka chini kwenda juu ukiwa na picha yako pembeni. Mara nyingi utakutana na haya.

Mabaka yametoka kwa ulinganifu, kila kidole kina mstari wa njano katikati. Hilo ni jani la maua ya bustani, na wakulima watasema ni upungufu wa mbolea. Rekebisha kwa kutaja kidole kimoja kimoja: "kwenye kila jani la juu, vidole viwili vya njano kabisa, kimoja nusu, vingine kijani". Programu hutii maelezo ya namna hiyo kuliko neno "bila mpangilio".

Mpaka kati ya majani safi na yenye dalili umeyeyuka, njano imeshuka hadi chini. Hapo sifa zimevuja kutoka sentensi moja kwenda nyingine. Ukiendelea kuongeza maneno, huenda ukazidisha kuvuja. Chora mmea mzima wenye afya kwanza, uukubali, kisha tumia sehemu ya kuhariri ya programu kuchagua eneo la juu peke yake na kuomba mabaka hapo. Ni njia ndefu kidogo, lakini majani ya chini yatabaki salama kwa sababu hukuyachagua.

Mizizi imechomoza au inaning'inia kama viazi mviringo kwenye nyuzi. Mizizi ya muhogo iliyonenepa hutoka kwenye kitako cha kipande kilichopandwa na kutawanyika pande zote, kila mmoja mrefu, mnene upande wa shina na mwembamba mwishoni. Kama bango halihitaji mizizi, malizia mmea kwenye usawa wa udongo na uandike "udongo unaonekana kama mstari wa kahawia chini ya shina".

Umeomba nzi weupe, ukaletewa nzi wa chooni waliopakwa chokaa. Kosa hili utalipata kwa Kiswahili zaidi, kwa sababu mdudu huyu si nzi. Andika Bemisia tabaci, mdudu wa milimita 1, mwili wa njano iliyopauka, mabawa meupe yenye unga yaliyofunika mgongo, amekaa upande wa chini wa jani changa. Mchore peke yake kwenye duara, mkubwa, na ukubwa wake halisi uutie kwa nukta kando ya duara. Ukimchora kwenye mmea mzima kwa kipimo cha kweli hataonekana, na ukimkuza hapo hapo wakulima watatafuta mdudu mkubwa kama nyuki.

Rekebisha kosa moja kwa kila jaribio, na uhifadhi prompti ya kila mchoro pamoja na mchoro wake. Ukibadilisha mambo matatu kwa mpigo hutajua lipi lililosaidia, na mmea wa pili na wa tatu hutaweza kuufananisha na wa kwanza.

Kwa nini picha yako inarembwa

Programu nyingi za kuhariri picha kwa akili mnemba hazikati na kubandika. Huichora picha upya kwa kufuata ile uliyopakia. Hata ukisema "badilisha usuli tu", jani nalo linaweza kupitiwa, na kwa programu jani lililopinda na lenye njano ni kasoro ya kunyoosha. Ndiyo maana ugonjwa wako ulipungua. Kwenye Stable Diffusion kuna namba iitwayo `denoising strength`. Ikiwa karibu na 0.3, picha yako hubaki karibu ilivyo, ikifika 0.7, umbo linabaki kwa mbali na mengine yamebuniwa. Programu za simu kwa kawaida hazikuonyeshi namba hiyo.

Ushauri wangu ni kwamba jani lenye dalili, lile la kulitazama kwa karibu, lisichorwe na programu kabisa. Tumia picha yako halisi iliyopigwa juu ya karatasi nyeupe, uondoe usuli kwa zana ya kukata tu, isiyogusa rangi za jani. Mchoro wa programu utumike kwa mmea mzima, mahali dalili zinapokaa, mdudu, na jinsi ya kukata mbegu, yaani mambo ambayo kamera haiwezi kuyapanga. Jani halisi kando ya mchoro pia humpa mkulima cha kulinganisha, na likitofautiana na mchoro wako utaliona kabla yake.

Usiiache michirizi ya kahawia nje ya bango

Bango la mbegu Mkuranga lenye batobato pekee linaacha nusu ya tatizo. Michirizi ya kahawia, ugonjwa mwingine wa muhogo, ni mwenyeji wa muda mrefu wa ukanda wenu. Ilielezwa kitaalamu mwaka 1936 kutokana na kazi ya kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, na huenea kwa vipande vya mbegu vile vile. Hapa ndipo kulitumia jina kwenye prompti kunapoharibu zaidi. Ukiandika "jani lenye michirizi ya kahawia" utaletewa jani lenye mistari ya kahawia, na jani la ugonjwa huu halina kahawia. Lina njano. Kahawia iko kwenye sehemu ya kijani ya shina, na ndani ya mzizi.

Kila kitu pia kimegeuka ukilinganisha na batobato. Dalili ziko kwenye majani yaliyokomaa ya chini, jani halijapinda wala kupungua, na njano inafuata mishipa midogo. Prompti ya jani lake:

```
Jani moja lililokomaa la muhogo, Manihot esculenta, bapa, umbo kamili,
vidole 7 vilivyoungana kwenye kitako, ukingo nyororo.
Njano iliyopauka imefuata pande mbili za mishipa midogo ya pembeni,
katikati ya mishipa pamebaki kijani. Rangi za maji, usuli mweupe.
```

Mzizi uliokatwa usiuombe kwa programu. Uozo wake mkavu, wa rangi ya njano hadi kahawia, mgumu kama kizibo ndani ya nyama nyeupe, hutoka kwenye michoro kama muhogo uliooza kwa maji, na hivyo ni vitu viwili. Kata mzizi mmoja mbele ya wakulima, upige picha, uiweke. Na kwenye maelezo ya bango iwepo sentensi inayosema kwamba shina na majani vinaweza kuonekana safi huku mizizi imeoza, kwa hiyo anayechagua mbegu akate na mizizi ya mmea huo kabla hajachukua shina lake.

Maandishi, mishale na uchapaji

Usiruhusu programu iandike chochote ndani ya mchoro. Maandishi ya Kiswahili yanaweza kutoka na herufi zilizokosewa au kurudiwa, na mshale wa programu unaweza kuishia karibu na kitu badala ya kwenye kitu. Uache mchoro bila maneno, kisha weka maandishi na mishale kwenye PowerPoint au Canva. Ncha ya mshale iguse baka lenyewe. Kila mshale uwe na maneno machache ya mkulima: "majani ya chini safi", "majani ya juu yamepinda", "usikate mbegu hapa".

Kuhusu ukubwa, mchoro wa pikseli 1024 kwa 1024 ukichapwa kwa nukta 150 kwa inchi unatoa upande wa sentimita 17 hivi. Bango la A2 kwa kiwango hicho linahitaji pikseli 2480 kwa 3508. Mimea mitatu ya sentimita 17 kila mmoja haitoshi kupangwa sambamba kwenye upana wa sentimita 42 bila kubanana, kwa hiyo laza bango, upate upana wa sentimita 59, mimea ikae juu na jani halisi, mdudu na mzizi vikae chini. Usiuvute mchoro mdogo ujaze nafasi. Kingo za majani zitaota ngazi, na meno uliyoyafukuza yatarudi kwa mlango huo.

Kabla ya kuchapa, chukua nakala isiyo na maandishi uwaonyeshe wakulima watano mmoja mmoja, wasiojua unachofanya. Uliza: huu ni mmea gani, una nini, na tatizo liko sehemu gani ya mmea? Akijibu "una njaa ya mbolea", mabaka yako yana ulinganifu mno. Akijibu "utitiri", mabaka ni madogo mno. Akijibu "muhogo, una batobato" lakini akaonyesha kidole mmea mzima, mpaka wa juu na chini haujaonekana, na hapo rudi kwenye ule mstari wa majani manne ya juu, uongeze tofauti ya ukubwa kati yake na ya chini.